Picha haisemi «ndiye»

Katika fakulte yetu mashairi ya picha za familia yamekuwa mengi. Mwanafunzi anatoa foto ya zamani kwenye sanduku la wazazi, anaiangalia jioni moja, kesho yake ana shairi. Nimesoma mengi, na karibu yote yana kosa moja linalonisumbua kama mwanafunzi wa isimu kuliko kama msomaji wa mashairi: yanasema kila kitu kwa sauti moja. Kofia ya babu, huzuni ya babu, ukatili wa wakoloni, upendo wa bibi, vyote vinatajwa kana kwamba vyote vimo katika karatasi. Msomaji hawezi kujua mshairi ameona nini, ameambiwa nini, na amejitungia nini.

Maoni yangu ni kwamba Kiswahili kina vifaa vya kutenganisha mambo hayo matatu, na kwamba vifaa hivyo ni vidogo sana: kiambishi -me-, ukanushi, na tofauti kati ya «ni» na «ndiye». Nitaeleza kwa shairi langu mwenyewe, si kwa sababu ni zuri kuliko ya wenzangu, bali kwa sababu ni foto ninayoijua pande zote mbili, mbele na nyuma.

Foto yenyewe ina sentimita 6 kwa 9, yenye ukingo mweupe uliokatwa kama meno madogo. Nyuma yake, kwa penseli, pameandikwa jina la mwanamume mmoja na mwaka: 1953. Ilipigwa katika kampi ya wafanyakazi wa migodi huko Elisabethville, mji ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi. Mwanamume huyo ni baba ya nkambo wangu, mama mzaa mama. Nkambo mwenyewe yumo: ni mtoto wa miaka minne. Shairi ni hili.

FOTO YA 1953

Mwanamume ameketi. Kofia ameiweka gotini.
Mwanamke amesimama nyuma yake,
mkono wake umeshika kiti,
haukushika bega.

Mtoto amevaa viatu vyeupe,
jua limevipiga.
Wote wamekunja macho.

Pembeni mwanamke amebeba mtoto mwingine.
Miguu yake imekanyaga udongo bila kitu.
Kila kitu kimetulia ila uso wake:
umepita kama maji.

Chini, mbele ya kinga iliyoegemea ukuta,
kimelala kivuli cha mtu.
Hayumo, lakini yuko.

Mu foto hamna posho.
Hamna kitabu chenye jina la mke mmoja.
Hamna Jumatatu.

Nkambo anaweka kidole:
«Uyu ni mama mukubwa.
Ule wa pembeni njo mama.»

Kwa msomaji asiye wa kwetu: kinga ni baiskeli, na njo ni «ndio, ndiye» ya mji wetu.

Nianze na -me-. Sisi tuliosomea kwa Kifaransa tuna tabia ya kueleza picha kwa wakati uliopo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kufanya mbele ya picha za kitabu. Halafu tunaihamisha tabia hiyo katika Kiswahili na kuandika «babu anaketi», «bibi anavaa kitambaa». Lakini katika Kiswahili bora anayevaa bado hajamaliza kuvaa. Kitambaa kiko njiani kwenda kichwani. Aliyekwisha kukivaa, na ambaye tunamwona nacho, amevaa. Vivyo hivyo ameketi, amesimama, amebeba, ameegemea, amelala. Vitenzi vya mwili vikichukua -me- vinaeleza hali iliyobaki baada ya tendo kwisha, na hali iliyobaki ndiyo kitu pekee ambacho kamera inaweza kushika. Ukiandika «alisimama», umetoka katika karatasi na kuingia katika hadithi: alisimama, kisha akafanya nini? Foto haina «kisha».

Kwa hiyo nilijiwekea sharti katika beti nne za kwanza: karibu kila kitenzi kikuu kiwe na -me-, na kila kimoja kiwe cha mwili, cha nguo au cha mwanga. Sharti la pili ni muhimu kuliko la kwanza, kwa sababu hapa ndipo kuna mtego. Sarufi inaturuhusu kusema «wamekunja macho» na pia «wamekasirika». Umbo ni lilelile. Sikio halioni tofauti. Lakini la kwanza limo katika karatasi, la pili liko kichwani mwa mwenye kutazama, nalo limevaa nguo za la kwanza ili lipite mlangoni.

Chukua macho hayo yaliyokunjwa. Kila mtu aliyeona foto hii nyumbani kwetu alisema: angalia walivyokuwa na uchungu, ilikuwa kazi ya migodi, ilikuwa enzi ya Mbelgiji. Inawezekana walikuwa na uchungu. Lakini angalia chini. Kivuli cha mpiga picha kinaingia kutoka ukingo wa chini, kirefu, kikielekea miguu yao. Maana yake jua lilikuwa mgongoni mwake na usoni mwao. Ndivyo watu walivyopiga foto kwa kamera nyepesi za kisanduku: weka jua nyuma yako, ushike kisanduku tumboni, utazame chini katika kidirisha chake. Anayesimamishwa kulitazama jua hukunja macho hata kama ni siku ya arusi yake. Tena katika karatasi ya sentimita 6 kwa 9, ambayo ni ukubwa uleule wa filamu bila kukuzwa, uso wa mtu mzima aliyesimama na miguu yake yote haupiti sana punje ya mhindi. Mshairi anayesoma ukoo mzima wa huzuni katika punje ya mhindi amesoma kitu kingine. Mimi nimeliacha jua lifanye kazi yake, na huzuni, kama ipo, niliitafuta mahali pengine.

Uso uliopita kama maji nao una sababu ya kimashine. Kamera za namna hiyo zilifungua jicho kwa muda mmoja tu usiobadilishwa, karibu sehemu ya 30 au ya 50 ya sekunde. Ukitulia, unatoka wazi. Ukigeuza kichwa haraka wakati huohuo, uso wako unapakwa katika karatasi kama rangi iliyoguswa kabla ya kukauka. Mwanamke wa pembeni aligeuka. Alimgeukia nani? Mtoto aliyembeba? Mtoto mwenye viatu? Au mtu aliyemwita kutoka nje, kumwambia asogee zaidi? Nilijaribu kila jibu kwa ubeti wake na yote matatu yalisikika vizuri, jambo lililonitia mashaka. Kitu kinachosikika vizuri katika namna tatu zinazopingana hakina ushahidi wowote. Basi nikabaki na uso tu: umepita.

Sasa ukanushi. Picha inaweza kuonyesha kiti; haiwezi kuonyesha «si kiti». Haina namna ya kusema hapana. Kila «hamna» katika shairi la picha inatoka kwa mshairi, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini amekanusha hili na si lile. Maana mu foto yangu hamna pia tembo, hamna bahari, hamna Papa wa Roma. Orodha ya vitu visivyomo haina mwisho. Kuchagua kimoja ni kushitaki.

Mimi nilichagua kwa kipimo kimoja: nikanushe tu kile kilichoishikilia foto kutoka nje, kile ambacho bila hicho watu hawa wasingesimama hivi walivyosimama. Kwa mfano mkono ulioshika kiti na si bega ulitoka katika shairi mara mbili na kurudi. Nimeuacha kwa sababu bega na kiti viko karibu sana katika karatasi, na mkono ulichagua. Lakini nakubali kwamba hapo nimesogea hatua moja mbele ya ushahidi, na msomaji mkali anaweza kuufuta mstari huo bila shairi kuanguka.

Posho ni jambo jingine. Katika kampi za migodi za Katanga mfanyakazi hakupata franka tu. Alipata chakula kilichopimwa, kwake, kwa mke wake na kwa watoto wake walioandikwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeamua kukaa na wafanyakazi pamoja na familia zao badala ya kuwaleta na kuwarudisha kila baada ya miezi, na familia iliyotakiwa ilikuwa mume, mke mmoja na watoto. Serikali ya koloni nayo, kwa amri ya tarehe 4 Aprili 1950, ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Waliokuwa na wake wawili kabla ya hapo hawakuyeyuka siku hiyo. Walijifunza kuita watu majina mengine.

Na hapa Kiswahili chenyewe kilisaidia kuficha, tena bila kusema uongo hata mmoja. Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yako. Ni pia mke mkubwa wa baba yako. Mama mdogo ni dada mdogo wa mama, au mke aliyekuja baadaye. Nyumbani kwetu, tangu nizaliwe, mwanamke wa katikati, yule anayeshika kiti, aliitwa kwa nkambo «mama», na yule wa pembeni aliitwa «mama mdogo». Hakuna aliyeuliza. Sote tulijaza pengo kwa maana ya kwanza: alikuwa mdogo wake, alikuja kumsaidia kulea. Kitabu cha kampi kiliandika mke mmoja na watoto wake. Familia ilisema mama na mama mdogo. Foto ilionyesha kiti, viatu na miguu mitupu. Vyote vitatu vilikubaliana.

Nilipokwenda kwa nkambo na daftari langu, sikwenda kutafuta siri. Nilitaka kujua foto ilipigwa siku gani, nani alipiga, kinga ilikuwa ya nani. Aliweka kidole juu ya mwanamke wa katikati, akasema sentensi ile ya kwanza. Kisha kidole kikasogea, akasema ya pili. Baadaye akaniambia kuhusu kinga, ambayo ilikuwa ya jirani.

Kwa mtu wa isimu sentensi hizo mbili zina thamani ya sura nzima ya kitabu. «Uyu ni mama mukubwa.» Ni inaweka mtu katika kundi: huyu ni mmoja wa wanaoitwa hivyo, na wengine wanaweza kuwapo. «Ule wa pembeni njo mama.» Njo, sawa na ndiye ya Kiswahili bora, haiweki mtu katika kundi, inamchagua na kuwatoa wengine wote. Si yule mliyemdhani. Ni huyu, peke yake. Ndani ya ndiye kuna hapana iliyofichwa, na kuna anayejibiwa hata kama hakuuliza. Nkambo hakusema «mwanamke wa katikati hakunizaa». Alibadilisha neno moja tu, na miaka zaidi ya 70 ikageuka. Mwanamke mwenye uso usioonekana ndiye aliyemzaa mtoto mwenye viatu vyeupe. Miaka miwili baada ya foto alirudi kijijini na yule mdogo aliyembeba. Mwenye viatu alibaki, kwa sababu ameandikwa kitabuni kwa mama mwingine, na kwa sababu shule ilikuwa kampini.

Hii ndiyo hoja yangu yote. Foto inaweza kusema «ni»: ni mwanamume, ni mwanamke, ni mtoto, ni viatu. Haiwezi kusema «ndiye». Kwa ndiye anahitajika mtu, mwenye kidole na mwenye haki. Kwa hiyo katika shairi la picha neno hilo lisiwe la mshairi. Ningeweza kuandika mwenyewe, kwa sauti yangu, kwamba mwanamke wa pembeni ndiye mama, maana isingebadilika. Lakini ningekuwa nimejifanya karatasi imeniambia. Nimeweka maneno ya nkambo katika alama za usemi, kwa Kiswahili chake cha mjini, bila kukisafisha. Mwenzangu mmoja wa darasa alinishauri niandike «ndiye» ili shairi zima liwe na lugha moja. Sitaki liwe na lugha moja. Sehemu ya macho ina lugha yake na sehemu ya mdomo ina yake, na mahali zinapokutana panapaswa kuonekana kama mshono wa nguo.

Mji wetu unalijua jambo hili zamani. Wachoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970 waliuza picha za kutundika sebuleni, na watu waliziita ukumbusho. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliozichunguza wakati huo, walieleza kwamba kazi ya ukumbusho haikuwa kupamba ukuta tu; ilikuwa kumfanya mwenye nyumba aanze kusimulia. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, na alipomkabidhi Fabian alimweleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha hapa. Picha bila maelezo ilikuwa nusu ya kazi. Foto za familia ni vivyo hivyo, isipokuwa msimulizi wake huzeeka na kufa kabla ya karatasi.

Mtu anaweza kunipinga kwa kazi za Sammy Baloji. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, alikata watu kutoka foto za enzi ya koloni na kuwasimamisha mbele ya viwanda vya migodi vilivyochakaa leo. Hapo, utasema, picha imesema hapana. Nakubali kwamba imesema kitu, lakini ilibidi ikatwe kwanza. Mkasi ule ndio ukanushi, nao ulikuwa mkononi mwa mtu wa leo, na Baloji hauficho: mpaka kati ya zamani na sasa unauona kwa macho. Ni mshono uleule ninaoutetea.

Pingamizi lililo zito zaidi halikutoka chuoni. Mjomba wangu alisoma shairi na kuniomba niondoe mistari mitatu ya mwisho. Hoja yake si aibu. Watoto na wajukuu wa mwanamke wa katikati ni ndugu zetu, tunazikana, tunaoleshana, tumegawana parseli moja bila mtu kuuliza nani wa tumbo gani. Siku neno «wa baba mmoja» likiingia, anasema, halitatoka tena. Wenye nia mbaya watalipeleka hadi kwa wakili. Anaona kwamba «mama mdogo» lilikuwa neno lenye hekima: lilisema kweli na kuacha amani.

Sina jibu la kumshinda, na nadhani kuhusu neno hilo ana haki. Nilichomwambia ni kwamba nkambo alisema mbele yangu akijua daftari liko wazi, kwamba nilimsomea shairi zima kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba halina jina la mtu. Nkambo alisikiliza, akataka mabadiliko moja tu: nilikuwa nimeandika «viatu», akasema niongeze kwamba vilikuwa vyeupe. Kuhusu mistari ya mwisho hakusema kitu. Mjomba anauhesabu ukimya ule upande wake, mimi naubakiza mahali ulipo.

Wahariri wa gazeti hili waliniomba foto waichapishe kando ya shairi. Nimekataa, na si kwa ajili ya mjomba peke yake. Shairi linampeleka msomaji kwa mpango: kwanza kiti, kisha viatu, kisha pembeni. Akiwa na foto mkononi ataona kwanza doa lile la uso, atadhani karatasi imeharibika, na atageuza ukurasa. Foto imerudi kwa nkambo. Ameiweka mahali ilipokuwa, katika bati la biskuti pamoja na risiti za maji, upande wa penseli ukiwa juu.